Shajara ya mradi: mtu anatoa wati ngapi akipanda ngazi?

Nia ilikuwa ndogo. Nilitaka kujua nguvu ya wastani ninayotoa nikipanda ngazi moja mbio, na namba hiyo niweze kuitetea mbele ya mtu yeyote. Nilidhani ni kazi ya alasiri moja. Imekula wikendi tano, na karibu muda wote huo haukuishia kwenye kupanda bali kwenye kujibu swali moja: saa inaanza lini na inasimama lini?

Kanuni yenyewe ni hii, na haibadiliki mpaka mwisho wa shajara:

```
P = m × g × h / t
```

P ni nguvu kwa wati, m ni tungamo la mpandaji kwa kilo, g ni kani ya mvutano wa dunia kwa kila kilo, yaani 9.8, h ni kimo cha wima alichopanda kwa mita, na t ni sekunde alizotumia. Sehemu ya juu, m × g × h, ni kazi iliyofanyika dhidi ya mvutano wa dunia, kwa jouli. Igawanye kwa muda upate wati.

3 Mei: kimo cha ngazi, nimekosea mara mbili

Ngazi ninayotumia ni ya mkondo mmoja ulionyooka, haina kona, na upande mmoja uko wazi. Nilipima kimo cha kidato kimoja cha katikati, nikapata sentimita 16.5. Nikahesabu vidato nikipanda: 17. Nikazidisha, nikapata mita 2.81.

Kosa la kwanza aliliona mdogo wangu, tena bila kupima chochote. Alikuwa amekaa kidato cha juu kabisa, akaniuliza, "Dada, na huu mruko wa mwisho wa kuingia sakafuni umeuhesabu?" Sikuwa nimeuhesabu. Nilihesabu mahali pa kukanyaga, kumbe kinachotakiwa ni mara ngapi mwili unainuliwa. Sehemu za kukanyagia zikiwa 17, miinuko ni 18, kwa sababu sakafu ya juu nayo inakanyagwa. Nikasahihisha: 18 × 16.5 ni mita 2.97.

Kosa la pili lilihitaji fundi. Baba mdogo, ambaye amejenga ngazi nyingi kuliko alizopanda, alicheka aliposikia nimepima kidato kimoja nikazidisha. "Ngazi haipimwi hivyo," alisema. "Fundi akikosea hesabu, kosa analificha kidato cha chini au cha juu. Teremsha timazi."

Tukateremsha. Badala ya uzi wa timazi, ambao unavutika na kudanganya, tulifunga uzito kwenye ncha ya futi yenyewe, tukaishusha upande ulio wazi kutoka ukingo wa sakafu ya juu mpaka ikagusa sakafu ya chini. Ikasoma mita 3.02. Nikarudi kupima vidato kimoja kimoja: kumi na sita vya katikati vilikuwa 16.5 kila kimoja, cha kwanza 18.8, cha mwisho 19.0. Jumla inaingia palepale kwenye 3.02.

Kutoka 2.81 hadi 3.02 ni tofauti ya asilimia 7 hivi. Ningeibeba mpaka mwisho bila kujua, maana 2.81 nayo inaonekana namba ya kawaida kabisa.

Kuna kosa la tatu ambalo sikulifanya, ila mdogo wangu alitaka kulifanya: kupima urefu wa mteremko, yaani kulaza futi juu ya ncha za vidato. Kwenye ngazi hii urefu huo unakaribia mara mbili ya kimo. Mvutano wa dunia unavuta kwenda chini, kwa hiyo njia ya kwenda mbele haihesabiwi. Ni kimo cha wima peke yake.

4 Mei: tungamo, na wati zisizotosha balbu

Asubuhi nilijipima kabla ya kuvaa: kilo 66.9. Jioni nikajipima na kila kitu nilichopanda nacho, yaani nguo, viatu na simu mfukoni: 68.4. Inayotumika ni ya jioni. Ngazi haijui kipi ni mwili na kipi ni kiatu, na miguu inainua vyote.

Kwa hiyo uzito wangu kama kani ni 68.4 × 9.8, karibu nyutoni 670. Ukizidisha kwa mita 3.02 unapata jouli 2,024 kwa mpando mmoja. Namba hii ni ileile, nitembee au nikimbie. Kinachobadilika ni muda tu.

Nilipanda kwa mwendo wa kawaida kwa sekunde 9, nikamwachia mdogo wangu hesabu. Akaja na wati 23. Nikamwambia hiyo haiwezekani, hata balbu ya zamani ya wati 40 inakula zaidi ya hapo. Alikuwa amezidisha kilo kwa mita akasahau 9.8. Mizani ya nyumbani inasoma kilo, na kilo ni tungamo, bado si kani. Ukiona jibu lako liko kwenye makumi ya wati kwa mtu mzima anayepanda ngazi, tafuta hiyo 9.8 kwanza kabla ya kutafuta kingine chochote.

10 Mei: stopwochi, alasiri iliyopotea

Leo tulipima kwa stopwochi ya simu. Mdogo wangu chini, mimi napanda. Anasema "twende!" na kubonyeza, nikifika juu anabonyeza tena.

Kutembea, mara tano: sekunde 9.4, 9.1, 9.0, 9.3, 9.2. Wastani 9.2, sawa na wati 220. Zinakaribiana, nikaridhika.

Kukimbia, nikiruka vidato viwili viwili, mara tano: 3.7, 3.2, 3.9, 3.4, 3.8. Wastani 3.6, sawa na wati 562.

Hapo ndipo moyo haukutulia. Ukichukua 3.2 unapata wati 633, ukichukua 3.9 unapata 519. Tofauti ya zaidi ya wati 110, kwa mtu yuleyule, kwenye ngazi ileile, na mapumziko ya dakika tano kati ya mbio na mbio. Miguu yangu haibadiliki kiasi hicho, na mara ile ya 3.9 ndiyo niliyojisikia mwepesi kuliko zote.

Nilianza kwa kumlaumu mpimaji, kisha tukabadilishana, nikagundua mimi ni mbaya zaidi. Ukikaa chini huuoni mguu ukifika juu, unausikia. Wakati mwingine unabonyeza kwa kishindo cha mguu wa kwanza, wakati mwingine cha pili. Mtu akisema "twende" vidole vyake vinabonyeza hapohapo, lakini anayepanda lazima asikie kwanza ndipo aondoke. Kwa mbio za sekunde 9 kosa la robo sekunde halionekani. Kwa mbio za sekunde 3.6, robo sekunde ni asilimia 7.

Nilijaribu pia kushika stopwochi mwenyewe. Usijaribu. Mkono unaotafuta kitufe unapunguza mwendo, na macho yanayotazama kioo hayatazami vidato.

Kilichoniponza mwisho ni mbio za kumi na moja. Kidole gumba cha mguu kilinasa kidato cha mwisho, kile cha sentimita 19. Mguu ulikuwa umeshazoea 16.5 kumi na sita mfululizo, ukajiinua kwa 16.5, na zile mbili na nusu zilizobaki nikazilipa kwa goti. Mkwaruzo tu, ila tangu hapo nimebandika utepe mweupe kwenye ukingo wa kidato hicho, na mwenye kuiga kazi hii apime vidato vya mwanzo na mwisho kwa ajili ya magoti yake kabla hata ya hesabu.

Gharama ya siku: mbio kumi na moja, goti, na vigimbi vilivyouma siku mbili. Namba ya kuaminika: hakuna.

17 Mei: video, na mwili unaochelewa nyuma ya mguu

Baada ya wiki ya kupona nilirudi na kamera ya simu. Niliiweka upande ulio wazi, mbali kiasi cha kuona ngazi nzima, kwenye kimo cha sakafu ya juu ili nisidanganywe na pembe pale mwisho. Nikabandika kipande cha utepe mweupe nyongani, na vipande vingine ukutani kila sentimita kumi. Video ya fremu 30 kwa sekunde: kila fremu ni sehemu moja ya thelathini ya sekunde.

Kisha nikaipitia fremu kwa fremu, na ilinifundisha zaidi ya wiki nzima iliyopita.

Mwanzo: kati ya "twende" na nyonga kuanza kusogea zilipita fremu 8, yaani sekunde 0.27. Muda huo sifanyi kazi yoyote, nimesimama nasikiliza, na stopwochi ilikuwa inauhesabu.

Mwisho ndio ulionishangaza. Kutoka nilipoanza kusogea hadi mguu wa kwanza ulipogusa sakafu ya juu ni fremu 89, sekunde 2.97. Lakini tazama utepe wa nyongani kwenye fremu hiyohiyo: uko sentimita 26 chini ya pale utakapotulia. Mguu umefika, mwili haujafika. Nikiruka vidato viwili viwili, mguu wa mbele unatangulia na nyonga inafuata, na ule wa nyuma bado unasukuma kutoka vidato viwili chini. Nyonga ilifika kimo chake cha mwisho kwenye fremu ya 99, sekunde 3.30.

Sasa fanya hesabu kwa njia tatu. Nilichokuwa nakifanya ni kuchukua kimo chote, mita 3.02, na muda wa mguu wa kwanza, sekunde 2.97. Inatoa wati 682. Ukichukua kimo ambacho mwili umekifikia kweli kwa sekunde 2.97, yaani mita 2.76, unapata jouli 1,850 na wati 623. Na ukingoja mwili ufike wote, mita 3.02 kwa sekunde 3.30, unapata wati 613.

Mbili za mwisho zinakubaliana. Ya kwanza ndiyo mwongo, na uongo wake ni kuoanisha kimo cha mwisho mmoja na muda wa mwisho mwingine. Mguu hauna uzito wa kutosha kuwa na maana hapa. Kinachoinuliwa ni kitovu cha uzito wa mwili, ambacho ukisimama wima kinakaa karibu na nyonga, na kimo na muda vyote viwili lazima viwe vyake.

Bado sikupenda 613, kwa sababu nyingine. Ndani ya hizo sekunde 3.30 kuna mwanzo ambapo najiondoa kutoka kusimama. Nishati inayokwenda kwenye kuongeza mwendo haimo kwenye m × g × h. Nilikadiria mwendo wangu wa katikati ya ngazi, karibu mita 2.2 kwa sekunde kwa kufuata mteremko. Nusu ya tungamo mara mwendo kipeo cha pili inatoa jouli 165 hivi, kama asilimia 8 ya kazi yote, na kanuni haizioni kabisa.

18 Mei: kupima katikati, na wati 915 za kujidanganya

Suluhisho linatoka kwa watu wa fiziolojia. Mwaka 1966 Margaria na wenzake walichapisha kipimo cha nguvu ya misuli kwa kukimbia ngazi, na baadaye Kalamen akakirekebisha kikawa kile kinachotumika sana: mtu anaanza mbio mita 6 kabla ya ngazi, anaruka vidato vitatu vitatu, na saa inaanza mguu ukigusa kidato cha tatu na kusimama ukigusa cha tisa. Saa inawashwa na kuzimwa na mkeka wa umeme uliolazwa kwenye vidato hivyo. Mwanzo na mwisho wa ngazi haviingii kabisa.

Sina mkeka, nina kamera. Na sitaki kuruka vitatu baada ya lile goti. Nikachagua vidato vyangu: kuanzia mguu wa kushoto ukigusa kidato cha 6, hadi mguu uleule wa kushoto ukigusa cha 14. Ni muhimu uwe mguu uleule. Mwili una mkao fulani mguu wa kushoto unapotua, na mwili unaporudia mkao huo vidato vinane juu, chochote kilichokuwa nyuma mwanzoni kiko nyuma vilevile mwishoni. Zile sentimita 26 zinajifuta zenyewe. Mwendo nao ukiwa sawa kwenye ncha zote mbili, nishati ya mwendo haikuongezeka wala kupungua, na m × g × h inabaki kuwa kazi yote ya kuinua.

Faida nyingine: vidato hivi vyote vinane ni vya 16.5, vile vibovu viko nje. Kimo ni mita 1.32, na kazi ni jouli 885.

Nilirekodi jioni baada ya kazi. Fremu 29. Gawanya kwa 30, sekunde 0.97. Wati 915!

Nilimwita mdogo wangu aje aone. Nguvu ya farasi moja, kipimo alichokitumia James Watt kulinganisha injini zake, ni wati 746 hivi. Kwa hiyo mimi, nikiwa na plasta gotini, nilikuwa nimempita farasi. Mdogo wangu alitazama video mara mbili akasema, "Dada, lakini mbona unaonekana kama katuni?"

Kweli, video ilikuwa inarukaruka. Nililala na farasi wangu kichwani, lakini swali lake halikulala.

20 Mei: taa

Nimelipata kosa. Nilirekodi simu nyingine ikionyesha stopwochi inayokimbia, kwenye ngazi ileile, saa ileile ya jioni. Kisha nikahesabu fremu kati ya sekunde moja na inayofuata: 24. Nikarudia mchana karibu na mlango: 30.

Mwanga ukipungua, kamera ya simu hii inaacha kila fremu iwe wazi muda mrefu zaidi ili picha isiwe giza, na idadi ya fremu kwa sekunde inashuka yenyewe. Haikuniambia popote. Faili lenyewe nililisoma kama la fremu 30 kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimechagua kwenye mipangilio.

Fremu 29 gawanya kwa 24 ni sekunde 1.21. Wati 732. Farasi amerudi mbele.

Video ya tarehe 17 ilirekodiwa mchana, na nimeikagua: iko salama. Ila kuanzia sasa kila kikao kinaanza kwa kurekodi stopwochi kwanza, sekunde tano tu, kwenye mwanga uleule. Njia nyingine iliyo bora ni kuiweka hiyo stopwochi ndani ya picha yenyewe, ukutani karibu na kidato cha kumi, ili muda usomwe moja kwa moja na fremu zisihesabiwe kabisa. Nilijaribu, namba zikawa ndogo mno kusomeka kwa mbali. Mwenye kioo kikubwa ataweza.

24 Mei: namba ya kwanza ninayoiamini

Mchana, fremu 30 zilizothibitishwa, mbio tano, kidato cha 6 hadi cha 14, mguu wa kushoto. Fremu: 36, 35, 37, 36, 36.

Linganisha na alasiri ya tarehe 10, iliyotoka 3.2 hadi 3.9. Hapa tofauti kati ya mbio na mbio ni fremu moja juu au chini. Wastani ni 36, sekunde 1.20, na nguvu ni 885 gawanya kwa 1.20, wati 737. Kosa la fremu moja ni wati 20 hivi. Kwa hiyo naandika wati 740, takriban 20 juu au chini, na siandiki 737.3 ambayo kikokotoo kinapenda kunipa.

Kwa kutembea, kidato kimoja kimoja, vidato vilevile nane vilichukua sekunde 3.9: wati 227. Ya stopwochi ilikuwa 220. Yaani kwa kutembea, njia ile mbovu ilikuwa inatosha! Mwendo ukiwa mdogo, nishati ya kuondoka haifiki hata asilimia moja, mwili hauachwi nyuma sana na mguu, na robo sekunde inapotea ndani ya sekunde tisa. Mwalimu anayetaka kuonyesha somo hili kwa stopwochi peke yake awaambie wanafunzi watembee. Wakikimbia, watapima vidole vya mpimaji.

Jambo moja la kuangalia kwenye video: mwendo uwe kweli sawa ncha zote mbili. Nililikagua kwa kuhesabu fremu za kidato cha 6 hadi 10, halafu 10 hadi 14. Mara nyingi zilikuwa 18 na 18, na tofauti haikuzidi fremu moja. Kama nusu ya pili ingekuwa fupi wazi, ingemaanisha bado naongeza mwendo, na ningehitaji kuanza mbio kutoka mbali zaidi. Mimi huanza hatua nne kabla ya kidato cha kwanza na inatosha.

31 Mei: mkoba wa kilo kumi, kisha ngazi nne mfululizo

Majaribio mawili, kwa kuwa sasa chombo kipo.

La kwanza ni la mdogo wangu. Alitaka kujua nikibeba mzigo nguvu itashuka kiasi gani. Tulijaza mkoba wa mgongoni vitabu mpaka mizani ikasoma kilo 10 kamili. Mbio mbili za kwanza tulizitupa kwa sababu mkoba ulikuwa unarukaruka: unapanda nilipokwisha kupanda na kushuka ninapoinuka. Tukaufunga kifuani kwa kamba ya pili. Baada ya hapo vidato vinane vilichukua fremu 41, sekunde 1.37. Sasa tungamo ni kilo 78.4, kazi ni jouli 1,014, na nguvu ni wati 742.

Nilienda polepole zaidi, hilo lilionekana na lilisikika. Lakini nguvu haikushuka. Nilichopoteza kwenye mwendo nilikilipa kwenye uzito, na ndani ya kosa la fremu moja namba mbili hizi ni kitu kimoja. Mdogo wangu alikata tamaa kidogo, alitarajia kunicheka.

La pili ni ngazi nne, moja juu ya nyingine, zote za mita 3.02, na kibaraza kidogo cha kugeukia kati yake. Hapa nilirudi kwenye stopwochi, nikiwa na mpimaji juu ya kila ngazi, maana muda ni mrefu na sihitaji usahihi ule. Ngazi ya kwanza sekunde 3.4, ya pili 4.3, ya tatu 5.6, ya nne 6.9. Kwa wati: 595, 471, 361, 293. Kufika ya nne nilikuwa nakanyaga kidato kimoja kimoja bila kuamua kufanya hivyo.

Kinachoisha kinajulikana. Misuli ina akiba ya fosfokreatini inayotoa nishati papo hapo, ila inatosha sekunde chache tu za juhudi kamili. Baada ya hapo mwili unategemea kuvunja glukosi bila oksijeni ya kutosha, ambayo ni polepole zaidi, na ile njia ya oksijeni ndiyo kwanza inapata moto. Kwa hiyo zile wati 740 si uwezo wangu kwa jumla. Ni uwezo wangu kwa sekunde moja na kitu, baada ya kupumzika. Anayekuambia wati zake bila kukuambia ni za muda gani hajakuambia kitu.

Kulikuwa na mzozo kuhusu vibaraza. Kwenye vitatu nilitumia jumla ya sekunde 3.6 kugeuka, na pale sipandi. Kimo chote ni mita 12.08, kazi jouli 8,098. Ukiweka muda wa vibaraza, sekunde 23.8, wastani ni wati 340. Ukiutoa, sekunde 20.2, ni wati 401. Zote sahihi, kwa maswali tofauti. Mimi nimeandika 340 kwa sababu swali langu ni mtu anafikaje juu, na njia ya kufika juu ina vibaraza.

1 Juni: kilichomo na kisichomo kwenye wati hizi

Jirani aliyeona video aliniuliza kama naweza kutumia namba hizi kujua nimeunguza kiasi gani. Kwa uangalifu, ndiyo. Jouli 2,024 za mpando mmoja ni karibu nusu kilokalori. Lakini hiyo ni kazi iliyotoka nje, ile ya kuinua mwili. Misuli inageuza kuwa kazi kiasi cha asilimia 20 hadi 25 tu ya nishati inayotumia. Iliyobaki inakuwa joto, ndilo linalokutoa jasho. Kwa hiyo mwili ulitumia mara nne au tano ya hiyo, kama kilokalori mbili au mbili na nusu. Kanuni haijui pia kuhusu mikono inayorushwa mbele na nyuma, wala mguu unaosimamishwa na kurushwa tena kila kidato. Ndiyo maana namba hii ni ya chini kuliko kazi yote ya misuli.

Kushika kishikio cha pembeni hakuharibu kipimo, kinyume na nilivyodhani mwanzo. Ukijivuta kwa mkono, kazi bado ni yako, mwili umeinuka kimo kilekile. Kinachobadilika ni jina: huwezi tena kuiita nguvu ya miguu. Mbio zangu zote ni za mikono mitupu.

Zimebaki za mdogo wangu. Ana kilo 51.2 na viatu, na tangu jana ananiambia atanishinda. Mbio yake ya kwanza ilitoka fremu 31 kwa vidato vinane, sekunde 1.03, kwa hiyo alifika juu kabla yangu kwa kila hali. Kazi yake ni jouli 662, nguvu wati 641. Nikamwonyesha 740 yangu. Akachukua simu, akagawanya kila moja kwa kilo za mwenyewe: yangu 10.8 kwa kilo, yake 12.5. Akairudisha simu bila kusema neno, akaenda kunywa maji.